Jozi saba, maumbo matatu

Tafuta ndimu sita na njiti 12 za kuchokolea meno. Panga ndimu nne mezani kama pembe za mraba, uziunganishe kwa njiti nne. Weka ndimu ya tano juu, katikati ya mraba, uifunge kwa njiti nne kwenye zile za chini. Sasa pindua kitu chote na ufanye vivyo hivyo upande wa pili kwa ndimu ya sita. Umepata umbo lenye kona sita na nyuso nane, na kila uso ni pembetatu. Ligeuze upande wowote uupendao: ni lile lile. Hakuna ndimu ya juu wala ya chini, zote zina majirani wanne.

Usilibomoe. Nitakuomba uling'oe ndimu moja, kisha nyingine, na kila mara kitakachobaki mkononi kitakuwa umbo la molekuli ya kweli, ambayo watu wameitengeneza na kuipima. Cha ajabu ni kwamba molekuli hizo tatu, ya ndimu sita, ya ndimu tano na ya ndimu nne, zinashikwa na idadi moja ya elektroni. Na mtu akiwa na penseli na fomula tu anaweza kusema umbo la kila moja kabla ya kuingia maabara.

Kila ndimu hapa ni atomu ya boroni. Boroni si mgeni kwetu. Iko ndani ya poda nyeupe ya boriki ambayo wachezaji wa keram hunyunyiza juu ya ubao ili kete ziteleze, iko kwenye boraksi, na iko kwenye vioo vya maabara visivyopasuka vikipata moto. Humo kote imeshikana na oksijeni na imetulia. Vurugu huanza ikishikanishwa na haidrojeni peke yake.

Mtu wa kwanza kuikabili vurugu hiyo kwa utaratibu alikuwa mkemia Mjerumani, Alfred Stock, kuanzia mwaka 1912. Vitu alivyokuwa akivitafuta vingi huwaka au hulipuka vikikutana na hewa, vinaharibiwa na maji, na vinanuka vibaya. Stock akajenga mtandao wa mirija ya kioo isiyo na hewa ndani yake, akawa anahamisha gesi kutoka chupa hadi chupa kwa baridi na joto, na badala ya bilula za kawaida alitumia zebaki kufungulia na kufungia njia. Mvuke wa zebaki ukamwingia mwilini mwaka baada ya mwaka. Aliumwa kichwa, akapoteza kumbukumbu, na mwaka 1926 akaandika makala ya kuwaonya wenzake juu ya sumu hiyo. Tunachokijua leo kuhusu molekuli hizi tunakidai mwili wa mtu huyo.

Stock alitoka na orodha ya molekuli sita: B₂H₆, B₄H₁₀, B₅H₉, B₅H₁₁, B₆H₁₀ na B₁₀H₁₄. Maumbo yake hakuyajua, ila namba zake alizipima sawasawa, na akaona kwamba zinajigawa katika koo mbili. Katika ukoo mmoja haidrojeni huzidi boroni kwa nne: boroni tano kwa haidrojeni tisa, sita kwa kumi, kumi kwa kumi na nne. Katika ukoo wa pili huzidi kwa sita: nne kwa kumi, tano kwa kumi na moja. Hiyo nne na hiyo sita ziwekwe akilini, maana zilikaa miaka mingi bila mtu kueleza zinatoka wapi.

Tatizo lilikuwa ni uhaba wa elektroni. Atomu zinashikana kwa kugawana elektroni mbili mbili, na katika kemia tuliyofundishwa shuleni kila kistari kati ya atomu mbili ni jozi moja ya elektroni. Chukua B₅H₉. Boroni ina elektroni tatu za nje, kwa hiyo tano zinaleta 15. Haidrojeni tisa zinaleta tisa. Jumla ni 24, yaani jozi 12. Kila haidrojeni ikipewa jozi yake moja ya kujishikiza, zimeondoka tisa. Zimebaki jozi tatu za kuzishika atomu tano za boroni. Hata ungezipanga kwenye mstari mmoja kama shanga, ungehitaji jozi nne. Kwa hesabu ya shuleni, B₅H₉ haiwezi kuwapo. Lakini ipo. Ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, huwaka chenyewe kikikutana na hewa, na ni sumu kali ya mishipa ya fahamu. Miaka ya 1950 Wamarekani walijaribu hata kuifanya mafuta ya ndege na roketi.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1943 na Christopher Longuet-Higgins, wakati huo bado mwanafunzi wa Oxford, pamoja na mwalimu wake R. P. Bell. Walionyesha kwamba katika B₂H₆ haidrojeni mbili hazikukaa pembeni. Zimekaa katikati kama daraja, kila moja ikishika boroni mbili kwa jozi moja tu. Jozi moja, atomu tatu. William Lipscomb akaichukua fikra hiyo akaipeleka mbali, akipiga picha za eksirei za fuwele zilizogandishwa kwa baridi kali, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1976. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 maumbo mengi yalikuwa yamejulikana, lakini moja moja. Kila molekuli ilikuwa na hadithi yake.

Mwaka 1971 mambo mawili yalikutana. Robert Williams, huko Marekani, alionyesha kwamba maumbo yaliyo wazi si ya kubahatisha: ni maumbo yaliyofungwa ambayo yamepoteza kona. Na Kenneth Wade, wa Chuo Kikuu cha Durham huko Uingereza, akaonyesha kwamba idadi ya elektroni inakueleza umbo mama ni lipi na limepoteza kona ngapi. Makala yake ilikuwa fupi sana, na ndiyo iliyozifumbua nne na sita za Stock.

Hesabu ya Wade inaanza kwa kukataa kuzihesabu elektroni zote. Kila boroni ina haidrojeni moja inayotazama nje, mbali na wenzake, kama kipini kilichochomekwa kwenye ndimu. Jozi inayoishika haidrojeni hiyo haishughuliki na kuishika boroni hii kwa boroni ile, kwa hiyo iweke kando. Boroni ilikuwa na tatu, haidrojeni ikaleta moja, jumla nne, mbili zimeshatumika nje, zimebaki mbili. Basi kila kipande cha BH huchanga elektroni mbili kwenye kiunzi. Haidrojeni yoyote ya ziada, zaidi ya ile moja ya kila boroni, huchanga elektroni yake moja. Na molekuli ikiwa na chaji hasi, kila chaji hasi ni elektroni moja ya ziada kwenye mchango. Jumlisha, gawa kwa mbili, na hizo ndizo jozi za kiunzi.

Turudi kwenye ndimu. Umbo lako kamili la kona sita ni ayoni iitwayo B₆H₆²⁻, iliyotengenezwa katika miaka ya 1960. Vipande sita vya BH vinachanga 12. Haidrojeni ya ziada hakuna. Chaji ni mbili hasi, ongeza mbili. Jumla 14, jozi saba. Kona sita, jozi saba: jozi zinazidi kona kwa moja.

Ng'oa ndimu yoyote moja pamoja na njiti zake nne. Umebaki na piramidi ya kitako cha mraba, ndimu tano na njiti nane. Hiyo ndiyo B₅H₉. Vipande vitano vya BH vinachanga kumi. Haidrojeni ni tisa, tano zimeshahesabiwa, nne ni za ziada, zinachanga nne. Jumla 14. Jozi saba tena, ila sasa kona ni tano, kwa hiyo jozi zinazidi kona kwa mbili.

Ng'oa ndimu nyingine, na safari hii iwe mojawapo ya nne zilizokuwa kwenye mdomo wa shimo, si ile ya kileleni. Njiti tatu zinaondoka nayo. Zimebaki ndimu nne na njiti tano: pembetatu mbili zilizogusana ubavu mmoja, kama mabawa ya kipepeo aliyeyainua kidogo. Hiyo ni B₄H₁₀, ile gesi ya Stock. Vipande vinne vya BH vinachanga nane, haidrojeni sita za ziada zinachanga sita. Jumla 14. Jozi saba, kona nne, zinazidi kwa tatu.

Wakemia wamezipa hatua hizi tatu majina ya asili ya Kigiriki na Kilatini. Umbo lililofungwa pande zote, jozi zikizidi kona kwa moja, huitwa klozo. Likipoteza kona moja, jozi zikizidi kwa mbili, ni nido, yaani kiota. Likipoteza mbili, zikizidi kwa tatu, ni arakno, utando wa buibui. Ukiitazama piramidi yako ikiwa imepinduliwa, mdomo wake wa mraba ukielekea juu, utaona kwa nini mtu alifikiria kiota. Buibui anahitaji kumfikiria kidogo zaidi.

Na sasa nne na sita za Stock. Molekuli ya ukoo wa kwanza ina haidrojeni nne za ziada, na nne ni jozi mbili. Ndiyo sababu kila mara jozi huzidi kona kwa mbili, na ukoo wote ni viota. Ukoo wa pili una sita za ziada, jozi tatu, na wote ni utando wa buibui. Stock alikuwa ameyagawa maumbo kabla hajaliona hata moja.

Lakini kwa nini saba? Sheria isiyo na sababu ni ya kukariri tu, na hii ina sababu nzuri.

Elektroni hukaa kwenye obitali, na kila obitali ni kama chumba kinachopokea elektroni mbili, si zaidi. Kila kipande cha BH kinakuja na obitali tatu tupu za kujengea kiunzi. Moja imeelekea ndani, kwenye kitovu cha umbo. Mbili zimelala juu ya ganda, zikitazama majirani. Kwenye umbo la kona sita, obitali sita zinazotazama ndani zinakutana kitovuni, na kuna namna moja tu ya kukubaliana zote kwa pamoja. Hicho ni chumba kimoja kizuri, chenye elektroni zinazozishika kona zote sita kwa mara moja. Zile 12 za kwenye ganda zikichanganyika, nusu yake huwa vyumba vya kushika na nusu huwa vyumba vya kusukumana. Nusu ni sita. Sita na kimoja ni saba. Hii ni njia ya mkato, kwa kuwa baadhi ya obitali za ndani na za ganda huchanganyika zenyewe kwa zenyewe, ila hesabu ya vyumba haibadiliki. Kwa umbo lolote lililofungwa lenye kona kadhaa, vyumba vya ganda ni sawa na idadi ya kona, na juu yake ongeza kile kimoja cha kitovuni. Ile moja ya klozo inatoka hapo.

Ona pia jambo ambalo njiti zako zinakudanganya. Umetumia njiti 12, lakini jozi ni saba. Njiti si jozi ya elektroni. Ni alama tu kwamba ndimu hizi mbili ni majirani. Elektroni zenyewe zimeenea juu ya umbo zima, hakuna jozi iliyo mali ya njiti moja. Ndiyo maana hesabu ya kistari kwa jozi ilikwama: ilikuwa ikidai jozi 12 mahali ambapo saba zinatosha.

Sasa ng'oa kona, kwa fikra. Itoe boroni na haidrojeni yake ya nje, lakini uziache elektroni mbili ilizokuwa imechanga. Vyumba saba vimebaki, na wakazi 14 wamebaki, ila kona ni tano, na kilichobaki kina chaji nne hasi, mzigo mkubwa mno kwa kitu kidogo hivyo. Kinautuliza kwa kukaribisha protoni nne, yaani haidrojeni nne zisizo na elektroni. Zinakaa wapi? Kwenye mdomo wa shimo, ambako elektroni zimejitokeza bila boroni ya kuzifunika. Kila ubavu wa mraba unapata haidrojeni yake kama daraja. Boroni tano, haidrojeni tano za nje, madaraja manne: B₅H₉, kamili. Rudia kwa kona ya pili na zinaingia protoni sita: nne zinakuwa madaraja kwenye kingo za nje za mabawa ya kipepeo, na mbili zinakaa kwenye boroni mbili za ncha za mabawa, ambazo kwa hiyo zina haidrojeni mbili kila moja. Jumla kumi. Elektroni ziliamua vyumba, na haidrojeni zilikuja kuziba nafasi ya aliyehama.

Kwa hiyo mtu akipewa fomula mpya haanzi na kona; anaanza na jozi. Jozi ukizipunguza moja unapata idadi ya kona za umbo mama. Jozi saba, umbo mama lina kona sita. Halafu unahesabu boroni ulizonazo na kujiuliza pengo ni kona ngapi. Hata atomu za aina nyingine zinaingia mchangoni. Kaboni ina elektroni moja zaidi ya boroni, kwa hiyo kipande cha CH kinachanga tatu. Molekuli C₂B₄H₆ ina vipande vinne vya BH, nane, na viwili vya CH, sita. Jumla 14 bila chaji yoyote. Jozi saba, kona sita, klozo, na umbo lake ni lile lile la ndimu zako, mbili kati yake zikiwa kaboni.

Makosa ninayoyaona kwa wanaojifunza ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuzichangisha haidrojeni zote, hata zile za nje, na mtu anajikuta na jozi 12 kwenye B₅H₉ na umbo mama ambalo halina maana. La pili ni chaji: mtu anaona alama ya kutoa, anatoa. Chaji hasi ni elektroni zilizoongezeka, kwa hiyo unajumlisha. La tatu linatokea kwenye B₄H₁₀ pale mtu anapojua kuwa boroni mbili zina haidrojeni mbili za nje, naye akaziweka kando zote. Sheria inaweka kando moja tu kwa kila boroni. Ya pili inachanga kama nyingine. Njia ya kujikagua ni hii: jumlisha elektroni zote za nje za molekuli nzima, toa mbili kwa kila kona, na kilichobaki lazima kilingane na mchango. B₄H₁₀ ina 12 za boroni na kumi za haidrojeni, jumla 22. Toa nane, ni 14. Ukipata namba witwa kwenye molekuli ya kawaida ya aina hii, rudi mwanzo, umekosea mahali.

Penseli ikishasema, maabara inakagua. Njia iliyo rahisi kueleza ni ile inayotumia sumaku kali na mawimbi ya redio, jamaa ya kipimo cha MRI cha hospitali. Kiini cha kila atomu ya boroni huitikia mawimbi kwa sauti inayotegemea mahali ilipokaa. Boroni zilizo katika nafasi sawa huitikia kwa sauti moja. Kama B₆H₆²⁻ kweli ni umbo lako kamili, boroni zote sita ni sawa na tunatarajia mwitikio mmoja. Ndivyo ilivyo. Kama B₅H₉ ni piramidi, iko boroni moja ya kileleni na nne za kitakoni, kwa hiyo miitikio miwili, mmoja ukiwa na nguvu mara nne ya mwenzake. Ndivyo ilivyo. Kipepeo wa B₄H₁₀ ana boroni mbili za mgongoni na mbili za ncha za mabawa: miitikio miwili iliyolingana. Nayo ni hivyo. Piramidi yenyewe ilikuwa imekwisha kuonekana mwaka 1951, katika maabara mbili za Marekani kwa njia mbili tofauti. Upande mmoja, huko Kalifonia, walirusha miale ya elektroni kwenye mvuke wake. Upande wa pili, kundi la Lipscomb huko Minesota liliigandisha B₅H₉, ambayo huganda kwenye nyuzi 47 hivi chini ya sifuri, na kuipiga eksirei.

Sheria hii ina mipaka, na anayeitumia inampasa kuijua. Kwanza, inataja idadi ya kona zilizopotea, haitaji zipi. Nilipokuambia uing'oe ndimu ya pili kwenye mdomo wa shimo, sikuitoa amri hiyo kwenye hesabu. Ungeng'oa ya kileleni, iliyo mkabala na shimo, ungebaki na mraba mtupu wa boroni nne, na jozi zingekuwa saba vile vile. Ni uzoefu wa maumbo yaliyopimwa, ule uliokusanywa na Williams, unaotuambia kwamba shimo moja lililopanuliwa ndilo linalopendelewa kuliko mashimo mawili yaliyotengana. Wala hesabu haikuonyeshi haidrojeni za ziada zitakaa wapi. Hilo nalo linahitaji ujuzi mwingine.

Pili, kuna molekuli zinazoivunja waziwazi. Badilisha haidrojeni kwa klorini na utapata B₄Cl₄, ambayo boroni zake nne zimekaa kwenye kona za piramidi ya pembetatu, umbo lililofungwa kabisa. Vipande vinne vinachanga nane. Jozi nne kwa kona nne, wakati klozo ingedai tano. Ndugu zake B₈Cl₈ na B₉Cl₉ wana tabia hiyo hiyo: wamefungwa, na wana jozi moja pungufu. Klorini, tofauti na haidrojeni, ina elektroni nyingine za akiba ambazo inaweza kuziegemeza upande wa boroni, na hilo ni sehemu ya maelezo. Mimi huichukua sheria ya Wade kama mganga wa viungo anayejua mifupa ya boroni na haidrojeni kwa kuipapasa. Ukimletea mifupa ya klorini, msikilize, halafu umpige mgonjwa picha.

Tatu, kwa viunzi vidogo sana hesabu inatoa jibu lisilo na maana kubwa. B₂H₆ inapata jozi nne, kona mbili, kwa hiyo nido ya pembetatu iliyopoteza kona moja. Ni kweli kwamba boroni mbili ni ubavu mmoja wa pembetatu, ila atomu mbili zozote ni ubavu wa kitu fulani. Hapo maelezo ya daraja la haidrojeni yanatosha na yanaeleza zaidi.

Kabla hujazirudisha ndimu jikoni, chukua penseli ujaribu molekuli kubwa kuliko zote katika orodha ya Stock, B₁₀H₁₄. Vipande kumi vya BH vinachanga 20, haidrojeni nne za ziada zinachanga nne. 24, jozi 12. Punguza moja, umbo mama lina kona 11. Boroni ni kumi, imepotea moja. Penseli inasema ni kiota, kikapu kilichofunguka mdomo. Kikapu hicho hicho ndicho walichokiona John Kasper, Charles Lucht na David Harker kwa eksirei mwaka 1948, miaka 23 kabla ya hesabu hii kuandikwa.